Ghala la Joto Ndani ya Injini ya Stirling

Mwaka 1816 mchungaji kijana wa Kanisa la Uskoti, Robert Stirling, aliomba hataza ya uvumbuzi wake. Kichwa cha hataza hiyo kilitaja kwanza namna ya kupunguza matumizi ya fueli, kisha ndipo kikataja injini. Mpangilio huo una maana. Alichokuwa nacho Stirling ni kifaa cha kuweka joto akiba na kulitoa tena, nacho kingeweza kufaa kwenye tanuri na mitambo mingine mingi. Injini ilikuwa moja tu ya kazi zake. Leo watu wanaikumbuka injini na kukisahau kifaa, ilhali ni kifaa hicho kinachoifanya injini ya Stirling, kwa hesabu za karatasini, ifikie kikomo ambacho hakuna injini ya joto inayoweza kukivuka.

Katika makala haya nitakiita kifaa hicho ghala la joto. Tukilielewa vizuri ghala hili, tutaelewa kwa nini kikomo kile kinafikiwa kwenye hesabu, na kwa nini hakifikiwi kwenye chuma.

Tuanze na injini yenyewe. Ndani yake mna gesi iliyofungiwa, kiasi kilekile siku zote, haiingii wala haitoki. Mwanzoni ilikuwa hewa ya kawaida. Injini za siku hizi hutumia heliamu au hidrojeni. Upande mmoja wa injini unapashwa moto kwa nje, na haijalishi moto huo ni wa makaa, mafuta ya taa, pumba za mpunga au jua lililokusanywa kwa vioo, maana gesi haiuoni moto. Inaona ukuta wa chuma uliopata moto. Upande wa pili unapozwa, kwa maji au kwa upepo. Gesi inahamishwa huku na huko kati ya pande hizo mbili. Ikiwa upande wa moto, shinikizo linapanda na gesi inaisukuma pistoni. Ikiwa upande wa baridi, shinikizo linashuka na pistoni inaibana gesi kwa urahisi zaidi. Kazi tunayovuna ni tofauti kati ya nguvu ya kutanuka kwa gesi ya moto na nguvu tunayotumia kuibana ikiwa baridi. Njiani kati ya pande hizo mbili ndipo lilipo ghala la joto: rundo la nyuzi au nyavu nyembamba za chuma, ambalo gesi inalipenya kila inapokwenda na kila inaporudi.

Ili mambo yasibaki hewani, tuchukue mfano wenye namba. Tuseme tuna gramu 4 za heliamu. Upande wa moto una nyuzi 627 za Selsiasi, upande wa baridi nyuzi 27. Katika hesabu za joto tunaongeza 273 ili kupata kelvini, yaani halijoto inayohesabiwa kuanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa. Hivyo tuna kelvini 900 na kelvini 300. Gesi inapotanuka, ujazo wake unakuwa maradufu, na inapobanwa unarudi nusu.

Mzunguko mmoja una hatua nne. Kwanza, gesi ikiwa moto inatanuka polepole huku ukuta wa moto ukiendelea kuipa joto ili isipoe. Katika hatua hii inapokea jouli 5,190 na kuzigeuza zote kuwa kazi kwenye pistoni. Pili, gesi inahamishwa kwenda upande wa baridi bila kubadilisha ujazo, na lazima ishuke kutoka kelvini 900 hadi 300. Kushuka huko kunamaanisha kutoa jouli 7,480. Tatu, inabanwa ikiwa baridi. Tunatumia kazi ya jouli 1,730, nazo zinatoka kama joto kwenda kwenye maji ya kupozea. Nne, inarudishwa upande wa moto, na ili ipande tena hadi kelvini 900 inahitaji zile jouli 7,480. Kazi halisi tuliyoipata ni 5,190 kutoa 1,730, yaani jouli 3,460.

Itazame namba ile 7,480. Ni kubwa kuliko joto lote tulilogeuza kuwa kazi wakati wa kutanuka. Kila mzunguko, gesi inabeba kwenda na kurudi joto jingi kuliko lile ambalo injini inaishi kwalo. Kama hakuna ghala, joto hilo linamwagika kwenye maji ya kupozea katika hatua ya pili, na moto unalazimika kulilipa upya katika hatua ya nne. Moto basi unatoa 5,190 na 7,480, jumla jouli 12,670, ili tupate kazi ya jouli 3,460. Ufanisi ni asilimia 27.

Sasa tuweke ghala kamilifu, linalopokea jouli zote 7,480 gesi inapokwenda kwenye baridi na kuzirudisha zote inaporudi kwenye moto. Moto unatoa 5,190 tu. Kazi ni ileile 3,460. Ufanisi unaruka hadi asilimia 66.7, bila kuongeza kuni wala kupandisha halijoto.

Asilimia hiyo 66.7 ndiyo hasa kikomo. Miaka 8 baada ya hataza ya Stirling, mwaka 1824, mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alichapisha mjini Paris kitabu kidogo kuhusu nguvu inayotokana na moto. Aliuliza swali ambalo wajenzi wa injini za mvuke hawakuwa wameliuliza kwa upana huo: ukiwa na chanzo kimoja cha joto na sehemu moja ya kulitupia, ni kazi kiasi gani unayoweza kupata, kwa mashine yoyote ile na kwa kutumia kitu chochote, iwe mvuke, hewa au kingine? Carnot alifananisha joto na maji yanayoshuka kutoka juu. Maji yakipita kwenye gurudumu la kinu yanafanya kazi. Yakiporomoka pembeni ya gurudumu, urefu ule wa mporomoko umepotea na hautarudi. Vivyo hivyo, kila joto linaporuka kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi bila kusukuma chochote, kazi ambayo ingeweza kupatikana imepotea. Injini bora kabisa ni ile ambayo ndani yake hakuna mporomoko wa bure hata mmoja.

Carnot hakuwa na fomula tunayoitumia leo. Ilibidi kwanza ipatikane skeli ya halijoto isiyotegemea zebaki wala gesi fulani, na William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipendekeza skeli ya namna hiyo mwaka 1848. Thomson alifundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow, ambako palikuwa na modeli ya injini ya Stirling, na alikuwa akiionyesha darasani. Kwa kelvini, kikomo cha Carnot huandikwa kwa mstari mmoja:

```
ufanisi = 1 - Tb/Tm
```

Tm ni halijoto ya upande wa moto na Tb ya upande wa baridi. Kwa mfano wetu, 1 kutoa 300/900 ni theluthi mbili, yaani asilimia 66.7. Namba hizo mbili hazikukutana kwa bahati. Kila injini ambayo inapokea joto kutoka nje kwa halijoto moja ya juu tu, inalitoa nje kwa halijoto moja ya chini tu, na ndani yake haina mporomoko wa bure, lazima ifikie kikomo hicho. Injini ya Carnot mwenyewe inafanya hivyo kwa kuibana gesi mpaka ipande joto bila moto, na kuiacha itanuke mpaka ishuke. Ya Stirling inafanya hivyo kwa kupitisha gesi kwenye ghala. Njia mbili, jibu moja.

Hapa msomaji makini atauliza: gesi ya kelvini 900 inapokutana na chuma cha ghala, joto linahama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Huo si mporomoko? Swali hili ndilo kiini cha jambo zima, na jibu lake limo katika umbo la ghala.

Tuseme ghala letu ni bonge moja kubwa la chuma. Baada ya injini kuzunguka kwa muda, bonge hilo litatulia kwenye halijoto ya katikati, kelvini 600. Gesi ya moto inaingia ikiwa 900 na kutoka ikiwa 600. Haiwezi kushuka zaidi, kwa kuwa hakuna kitu cha kupokea joto chini ya hapo. Zile nyuzi 300 zilizobaki zinakwenda kupotea kwenye maji ya kupozea. Inaporudi, gesi inaingia ikiwa 300 na kutoka ikiwa 600. Moto unalazimika kuimalizia safari. Ghala limeokoa nusu tu. Ufanisi ni asilimia 39: afadhali kuliko 27, lakini mbali sana na 66.7. Mporomoko upo, mara mbili kila mzunguko, na kila mmoja ni wa kelvini 300.

Sasa tulikate bonge lile vipande viwili visivyogusana, kimoja upande wa moto na kingine upande wa baridi. Vitatulia kwenye kelvini 700 na 500. Gesi ya 900 inashuka hadi 700 kwenye kipande cha kwanza, kisha hadi 500 kwenye cha pili. Inaporudi ikiwa 300 inapanda hadi 500, kisha 700. Sasa tumeokoa theluthi mbili, kwa chuma kilekile, na ufanisi umepanda hadi asilimia 45. Vipande 9 vitaokoa sehemu 9 kati ya 10, na ufanisi utakuwa asilimia 58. Vipande 99 vitaokoa 99 kati ya 100, na tutakuwa kwenye asilimia 65.7. Kadiri matabaka yanavyoongezeka, ndivyo kila mporomoko unavyokuwa mfupi: kelvini 200, kisha 60, kisha 6. Gesi inakutana na chuma kilichoizidi au kupungukiwa nayo kidogo sana, na joto linahama karibu bila kuanguka. Ghala kamilifu ni lile lenye matabaka yasiyo na idadi, ambamo kila hatua ya njia ina halijoto yake, kuanzia 900 mwanzoni hadi 300 mwishoni, na gesi inapita ikiwa sawa na chuma kila mahali.

Ndiyo sababu ghala la joto hutengenezwa kwa nyavu nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, au kwa nyuzi laini zilizosongamanishwa. Wavu mmoja unaugusa mwenzake kwenye nukta chache tu, kwa hiyo kila wavu unaweza kubaki na halijoto yake. Ndiyo sababu pia hutumiwa chuma kisichoshika kutu badala ya shaba. Mtu angedhani shaba inafaa zaidi kwa kuwa inapitisha joto upesi. Hicho ndicho kisichotakiwa hapa. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 20 ya chuma kile, na ingelivusha joto kutoka mwisho wa moto hadi mwisho wa baridi kwa njia ya chuma chenyewe, bila kuipitia gesi. Matabaka yangerudi kuwa bonge.

Ghala hili limewahi kuwavuruga watu wenye akili nyingi. Katika karne ya 19 walikuwapo walioamini kwamba, kwa kuwa joto linarudishwa, basi joto lilelile linaweza kufanya kazi tena na tena, na kuni zitahitajika kidogo tu za kufidia uvujaji. Mhandisi Msweden John Ericsson, aliyekuwa akiishi Marekani, alijenga meli iliyobeba jina lake na kuifanyia safari ya majaribio mwaka 1853 ikiendeshwa kwa hewa moto na maghala ya nyavu. Silinda zake 4 zilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 4 kila moja, na bado meli ilikwenda polepole. Haukupita muda mrefu zikaondolewa na kuwekwa injini ya mvuke. Kosa la imani ile linaonekana kwenye hesabu yetu. Ghala linarudisha zile jouli 7,480, ambazo hazikufanya kazi yoyote, zilibebwa tu. Jouli 5,190 zilizosukuma pistoni hazipiti ghalani kabisa. Katika hizo, 3,460 zimekwenda kuzungusha gurudumu na haziwezi kuwa joto la gesi tena, na 1,730 zimetupwa upande wa baridi, kwa sababu gesi haibaniki bure. Ghala linazuia upotevu, lakini deni la upande wa baridi halilifuti.

Nina hoja na matangazo ya injini ndogo za Stirling yanayosema kwamba injini hii ina ufanisi wa Carnot. Sentensi hiyo ni kweli kwa injini ya karatasini, na inaficha mambo mawili mazito.

La kwanza ni muda. Mfano wetu unadai gesi iwe na halijoto sawa na ukuta wakati inapokea joto kutoka kwenye ukuta huo. Lakini joto halihami pasipo tofauti. Tofauti ikiwa sifuri, joto linachukua muda usio na mwisho kuhama, na injini itafikia kikomo cha Carnot ikiwa imesimama. Anayetaka nguvu kwenye mhimili lazima akubali tofauti. Tuseme ukuta wa moto uko kelvini 900 lakini gesi inafika 840 tu, na maji ya baridi yako 300 lakini gesi haishuki chini ya 340. Kikomo cha gesi yenyewe sasa ni 1 kutoa 340/840, yaani asilimia 59.5. Tumepoteza asilimia 7 kabla hatujaligusa ghala.

Na ghala lenyewe lina haraka. Injini yetu ikizunguka mara 25 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa injini inayoendesha jenereta, gesi ina takriban sehemu moja ya mia ya sekunde kupita kwenye nyavu na kushusha kelvini 600. Jouli 7,480 mara 25 ni kilowati 187 zinazoingia na kutoka ghalani, ilhali moto wote wa nje, ghala likiwa kamilifu, ni kilowati 130. Sehemu isiyo na moto wala pistoni ndiyo yenye shughuli kubwa kuliko zote ndani ya injini. Na kila asilimia moja ambayo ghala linashindwa kuirudisha inakula karibu asilimia moja ya ufanisi.

Mjenzi atasema: basi niongeze nyavu, na nyuzi ziwe nyembamba zaidi. Hapo ndipo madai ya ghala yanapogombana yenyewe kwa yenyewe. Nyuzi nyembamba na zilizosongamana zinapokea joto upesi, lakini gesi inapita kwa shida, na nguvu ya kuisukuma inatoka kwenye mhimili uleule tunaotaka utupe kazi. Ghala fupi na pana linapunguza shida hiyo, lakini mwisho wa moto unakaribiana na wa baridi, na joto linavuja kupitia ukuta wa silinda. Ghala refu linazuia uvujaji, lakini linameza gesi nyingi kwenye mianya yake. Gesi iliyokwama kwenye mianya haitanuki vizuri wala haibanwi vizuri, kwa hiyo shinikizo halipandi sana na halishuki sana, na kazi ya kila mzunguko inapungua. Cha ajabu ni kwamba mianya hiyo, kwenye injini ya karatasini yenye ghala kamilifu, haipunguzi ufanisi hata kidogo. Inapunguza kazi tu. Kwenye injini ya kweli mambo ni tofauti: kazi ikipungua na uvujaji ukabaki palepale, ufanisi unaporomoka. Ndiyo maana wanaojenga injini hizi hutumia muda mwingi kwenye kipande ambacho mtazamaji hakioni.

Jambo la pili linalofichwa na tangazo lile ni kwamba kufikia asilimia fulani ya kikomo si sawa na kuwa na kikomo cha juu. Kikomo cha Carnot kinapanda kadiri upande wa moto unavyopanda. Katika injini ya petroli, moto unawaka ndani ya gesi yenyewe, unapita kelvini 2,000 kwa kitambo kifupi sana, na kuta zinapozwa muda wote, hivyo chuma hakiumii. Injini ya Stirling inapashwa kwa nje. Joto lote linapita kwenye ukuta wa chuma, na ukuta huo unakaa kwenye halijoto ya juu kabisa saa zote huku ukibeba shinikizo la gesi. Kinachoweka dari hapo ni chuma.

Stirling aliyajua hayo kwa uchungu. Mwaka 1843, pamoja na mdogo wake James, aliyekuwa mhandisi, waliigeuza injini ya mvuke ya kiwanda cha kusubu chuma mjini Dundee iwe ya hewa moto. Ilifanya kazi, na iliendesha mitambo ya kiwanda. Lakini chuma cha kusubu cha wakati ule hakikuvumilia: vitako vya silinda vilivyokaa juu ya moto vilipasuka mara kwa mara, na mwaka 1847 kiwanda kikarudi kwenye mvuke. Hesabu ya ndugu hao haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni chuma cha pua cha bei nafuu, ambacho mbinu ya Henry Bessemer ilikileta katika miaka ya 1850, wakati injini yao imeshazimwa. Robert Stirling aliishi hadi mwaka 1878, akayaona hayo kwa macho yake.

Karne moja baadaye wahandisi wa Philips, Eindhoven nchini Uholanzi, waliirudia injini hii wakitafuta mashine ndogo, isiyo na kelele, ya kuendeshea redio mahali pasipo na umeme. Walikuwa na vyuma vinavyostahimili moto, na wakatengeneza maghala ya nyuzi laini kupita yale ya awali. Redio za transista zilipokuja na kuhitaji betri ndogo tu, soko la mashine ile likatoweka. Ujuzi ule haukupotea: mzunguko huohuo ukiendeshwa kinyume, kwa kuizungusha mashine kwa mota, unatoa baridi kali, na Philips waliuza mashine za kuyeyushia hewa iwe kimiminika.

Tujipime sasa na kilichopatikana. Tarehe 31 Januari 2008, huko Albuquerque katika jimbo la New Mexico, Marekani, sahani ya vioo yenye injini ya Stirling ya hidrojeni iligeuza asilimia 31.25 ya nishati ya jua kuwa umeme uliokwenda kwenye gridi. Ilikuwa rekodi wakati huo. Asilimia hiyo imeshakatwa hasara za vioo, za kipokezi cha joto na za jenereta, kwa hiyo injini yenyewe ilifanya vizuri kuliko namba inavyosema. Siku yenyewe ilikuwa ya kipupwe, yenye jua kali na hewa baridi, na baridi hiyo ilichangia. Rudi kwenye fomula uone sababu. Katika mfano wetu, ukishusha upande wa baridi kwa kelvini 10, kikomo kinapanda hadi asilimia 67.8. Ili kupata takriban nyongeza hiyo kwa upande wa moto, lazima uongeze kelvini 30, nazo chuma ndicho kinachozilipa. Anayejenga injini hii na kutumia fedha zote kwenye moto, akaupa upande wa baridi kipoozi kidogo, ameanzia mahali pa ghali.

Kwa anayetaka kujua ghala la injini yake linafanya kazi au la, hakuna haja ya kuifungua. Apime joto linalotoka na maji ya kupozea: kiasi cha maji kinachopita kwa dakika, na tofauti ya nyuzi kati ya maji yanayoingia na yanayotoka. Katika mfano wetu, injini yenye ghala kamilifu inatupa kwenye maji jouli 1,730 kwa kila jouli 3,460 za kazi, yaani nusu ya kazi yake. Ghala likirudisha asilimia 90 tu, jouli 748 zinaongezeka kwenye maji na kufanya jumla ya karibu 2,480, wakati mhimili unazunguka kwa nguvu ileile kama jana. Kwa mizunguko 25 kwa sekunde, kilowati 43 za joto kwenye maji zimekuwa 62. Pistoni haitaonyesha dalili yoyote, wala sauti ya injini haitabadilika. Moto utakula zaidi, na bomba la maji yanayotoka litakuwa la moto kuliko lilivyopaswa kuwa.